Shilingi Ikitoka Nje ya Ukanda, Mshahara Ufanyeje?

Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa inauzwa kwa takriban shilingi 124 za Kenya. Mwisho wa Januari 2024 ilikuwa imefika 160. Wasiwasi ulikuwa juu ya hati fungani ya dola bilioni 2 ambayo serikali ilitakiwa kuilipa Juni mwaka huo, na watu wengi hawakuona fedha hizo zitatoka wapi. Mwezi Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa hati fungani mpya ili kuanza kulipa ile ya zamani. Shilingi ikapata nguvu ghafla: kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 132, na baadaye ikatulia karibu na 129.

Katika miezi hiyo mwenye mshahara wa shilingi tupu aliona thamani yake kwa dola ikisinyaa. Mwenye mshahara uliofungwa kwenye dola alipanda nayo hadi 160, kisha akashuka nayo kabla muhula mmoja wa shule haujaisha. Kuna mkataba unaokaa katikati ya hawa wawili. Sehemu ya mshahara hupimwa kwa dola, pande mbili hukubaliana ukanda wa bei ambao ndani yake hakuna kinachobadilika, na bei ikitoka nje ya ukanda huo malipo hurekebishwa. Mkataba wa namna hii ni mzuri, lakini ubora wake umo katika maneno machache ambayo mara nyingi hayajadiliwi.

Tuchukue mfano wa mhasibu anayeajiriwa Nairobi mapema 2023 na shirika linalopata fedha zake kutoka kwa wafadhili wa nje. Wamekubaliana mshahara wa shilingi 300,000 kwa mwezi kabla ya makato. Nusu yake, 150,000, ni shilingi na haiguswi. Nusu ya pili inapimwa kwa dola. Bei ya kianzio ni shilingi 125, kwa hiyo 150,000 ni sawa na dola 1,200. Ukanda ni kuanzia 120 hadi 130. Dola ikiwa 121 au 129, mhasibu anapokea 300,000 zake kama kawaida.

Neno "inapimwa" lina sababu yake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 17, inamtaka mwajiri alipe mshahara kwa fedha ya Kenya. Kwa hiyo dola katika mkataba kama huu ni kipimo cha kukokotoa, na kinachoingia benki ni shilingi. Msomaji wa Tanzania awe mwangalifu zaidi kabla ya kunakili mfano huu, kwa kuwa kanuni zilizotolewa huko Machi 2025 zimekataza kutaja bei za bidhaa na huduma au kuzilipia kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kifungu cha mshahara kinachotaja dola kinapaswa kupita kwanza kwa wakili.

Sasa dola imefika 160. Mkataba unasema "mshahara utarekebishwa". Utarekebishwa kwa kiasi gani? Hapo ndipo watu wanapogombana, kwa sababu sentensi hiyo ina majibu mawili yaliyo halali. Jibu la kwanza ni kulipa kilichozidi ukingo pekee: 160 toa 130 ni 30, mara dola 1,200, ni shilingi 36,000 za nyongeza. Jibu la pili ni kuhesabu mwendo wote tangu bei ya kianzio: 160 toa 125 ni 35, na nyongeza inakuwa 42,000. Tofauti ni 6,000 kila mwezi.

Mwajiriwa atavutiwa na jibu la pili, na ni haki yake kuliomba. Mimi hata hivyo ningechagua la kwanza, na sababu yangu iko pale ukingoni. Dola ikiwa 129.90, mhasibu hapati nyongeza yoyote. Ikipanda hadi 130.10, kwa hesabu ya mwendo wote anapata shilingi 6,120 kwa mkupuo, kwa sababu ya senti 20 tu za bei. Kwa hesabu ya kilichozidi anapata 120. Ukikumbuka kwamba tangu katikati ya 2024 dola imekaa karibu na 129, utaona kwamba ukingo wa 130 si mahali pa kufikirika. Pande mbili zikiwa na shilingi 6,000 zinazoning'inia kwenye senti chache, kila mwezi utakuwa na ubishi kuhusu bei ipi ndiyo bei.

Na bei ipi ndiyo bei ni swali halisi. Benki Kuu ya Kenya hutangaza wastani wa bei ya dola kila siku ya kazi, na mtu yeyote anaweza kuusoma. Benki za biashara nazo zina bei zao mbili, ya kununua na ya kuuza. Kwa kawaida zote hukaribiana. Lakini mapema 2023, dola zilipoadimika, waagizaji wa bidhaa walikuwa wakizinunua kwenye benki kwa bei iliyo juu kwa shilingi kadhaa kuliko ile iliyotangazwa. Mkataba unaosema "bei ya soko" tu ungempa mwajiri nafasi ya kushika moja na mwajiriwa kushika nyingine, na wote wangekuwa wakweli. Andikeni jina la bei: wastani unaotangazwa na Benki Kuu. Pengine si bei ambayo mhasibu angeipata dirishani, lakini hakuna wa kuibishia.

Baada ya hapo zinabaki siku. Ukitumia bei ya siku moja, tuseme ya mwisho wa mwezi, unaweka mshahara wa siku 30 mikononi mwa asubuhi moja. Februari 2024 ilianza dola ikiwa karibu 160 na ikaisha ikiwa imeshuka chini ya 150. Anayelipwa kwa bei ya siku ya kwanza na anayelipwa kwa bei ya siku ya mwisho wangepata nyongeza tofauti kabisa kwa kazi ile ile. Wastani wa siku zote za kazi za mwezi uliotangulia hupunguza ajali hiyo, na humpa mwajiri muda wa kufanya hesabu kabla ya siku ya malipo.

Mwajiri makini akifika hapa atauliza swali lake: "Na dola ikishuka chini ya 120, utakubali nikupunguzie?" Waombaji wengi hawajajiandaa kwa swali hili, na wengine hukasirika. Lakini ni swali la haki. Shirika linalopokea dola lilipata shilingi 160 kwa kila dola Januari 2024, likawa na uwezo wa kulipa nyongeza. Miezi miwili baadaye dola ile ile iliwaletea 132, na bajeti iliyopangwa kwa shilingi ikaanza kubana. Kifungu kinachopanda bila kushuka kinaliacha shirika na mzigo huo peke yake.

Jibu zuri si "ndiyo" wala "hapana" tupu. Mhasibu wetu anaweza kukubali kupunguziwa kwa hesabu ile ile ya kilichozidi ukingo, lakini sehemu ya dola isishuke chini ya shilingi 135,000 hata itokee nini. Kwa dola 1,200 na ukingo wa 120, kiwango hicho cha chini kinafikiwa dola ikiwa shilingi 107.50. Naye mwajiri aruhusiwe kuweka kikomo cha juu, kwa mfano nyongeza isizidi 45,000 kwa mwezi bila mazungumzo mapya. Hapo kila upande unajua ubaya wake mkubwa kabisa kwa tarakimu. Ukipewa kikomo cha juu bila kiwango cha chini, usitie sahihi.

Kuna toleo jingine la kifungu linaloonekana la kiungwana: bei ikitoka nje ya ukanda, bei mpya inakuwa kianzio na ukanda mpya unachorwa kuizunguka. Mnaanza upya, basi. Kwa mhasibu wetu kianzio kingehamia 160, na sehemu yake ya dola ingekuwa 192,000 zilizokaa kama mshahara wa kawaida. Anachukua mkopo wa gari kwa kuutegemea. Kisha dola inarudi 132, ukanda wa chini unavunjika, na sehemu ile inashuka hadi 158,400. Anayepokea 36,000 kama nyongeza iliyoandikwa kwenye mstari wake anajua kwamba ni mgeni wa mwezi huo. Anayezipokea ndani ya mshahara huzipangia matumizi ya miaka.

Hii ndiyo sababu ya kusisitiza mstari wa peke yake kwenye hati ya malipo, pamoja na bei iliyotumika. Mwajiri naye atataka mstari huo, kwa sababu nyingine: nyongeza ikiitwa posho, huenda isihesabiwe kwenye pensheni au kiinua mgongo. Ulizeni, kisha mwandike. Mkumbuke pia kwamba ushuru haungoji. Kwa mshahara wa kiwango hiki, kodi ya mapato nchini Kenya ni asilimia 30 ya kila shilingi inayoongezeka, kwa hiyo katika 36,000 zinabaki 25,200 kabla ya makato mengine. Hesabu zote za kifungu ziseme wazi kwamba ni za kabla ya makato.

Ni sehemu gani ya mshahara ipimwe kwa dola? Hapa naona watu wakikosea kwa kudhani dola ni dawa ya kupanda kwa gharama za maisha. Mwaka 2023 dola ilipanda bei kwa zaidi ya robo dhidi ya shilingi ya Kenya, ilhali mfumuko wa bei wa mwaka, kufikia Desemba, ulikuwa asilimia 6.6. Mafuta ya gari, ngano na mafuta ya kupikia hufuata dola kwa karibu. Kodi ya nyumba ya Nairobi, mboga za sokoni na karo ya shule ya kawaida hufuata kwa mbali. Mtu anayelipa ada ya mtoto chuoni ng'ambo ana sababu ya kuomba nusu au zaidi. Mtu ambaye kila shilingi yake inaishia Kenya angenufaika zaidi na kifungu kinachofuata mfumuko wa bei, na robo ya mshahara kwa dola ingemtosha.

Kabla ya yote hayo, chunguza fedha za mwajiri zinatoka wapi. Muuzaji wa jumla wa mchele anayeingiza mzigo kutoka nje huumia dola inapopanda, kwa sababu analipa dola na kuuza kwa shilingi. Kumwomba kifungu hiki ni kumwomba akuongeze mshahara katika mwezi wake mbaya zaidi. Hata akikubali, hatakuwa na fedha za kukilipa. Muuzaji wa maua nje, kampuni inayotoa huduma kwa wateja wa Ulaya, na shirika la wafadhili hupata shilingi nyingi zaidi mwezi huo huo ambao wewe unazihitaji.

Kwa maneno ya mkataba, kifungu kizima kinatosha kwenye aya moja: "Sehemu ya mshahara yenye thamani ya dola 1,200 italipwa kwa shilingi kwa bei ya 125. Ikiwa wastani wa bei ya dola unaotangazwa na Benki Kuu ya Kenya kwa siku zote za kazi za mwezi uliotangulia utazidi 130 au kupungua chini ya 120, tofauti kati ya wastani huo na ukingo uliovukwa itazidishwa kwa 1,200, na matokeo kuongezwa au kupunguzwa kwenye malipo ya mwezi huo pekee, kabla ya makato. Nyongeza haitazidi shilingi 45,000, na sehemu hii haitashuka chini ya shilingi 135,000. Bei ya kianzio na ukanda vitajadiliwa upya kila baada ya miezi 12." Kabla ya kutia sahihi, kaeni wawili na mkokotoe mishahara mitatu kwa kuitumia aya hiyo: dola ikiwa 118, 127 na 160. Mkipata majibu yaliyotofautiana hata kwa shilingi moja, aya bado haijakamilika.