Runinga Janja Ikijaa

Runinga nyingi za Android za bei nafuu huja na hifadhi ya GB 8, na mfumo wenyewe huchukua sehemu kubwa kabla hujaweka programu hata moja. Kwa hiyo ujumbe wa kwamba nafasi imekwisha huja mapema, na programu zinakataa kusasishwa.

Anzia Settings, kisha Apps, halafu See all apps. Chagua YouTube, kwa mfano, na utaona ukubwa wa programu, data na akiba yake, kila kimoja peke yake. Akiba ni picha na vipande vya video vilivyowekwa ili visipakuliwe upya. Bonyeza Clear cache bila wasiwasi: akaunti yako inabaki. Ila soma vizuri kabla ya kubonyeza, maana jirani yake ni Clear data, ambayo hukutoa kwenye akaunti na kufuta mipangilio, na kuandika tena nywila kwa rimoti kunachosha kweli.

Akiba itajaa tena kadiri unavyotazama. Nafuu ya kudumu ni kuondoa usichotumia, kama ule mchezo ambao watoto waliuacha zamani, kwa Uninstall. Programu zilizokuja na runinga mara nyingi haziondoki. Kwa hizo, tumia Uninstall updates ili zirudi kwenye toleo dogo la kiwandani, kisha Disable, la sivyo zitajisasisha na kuvimba upya. Baadaye zima runinga na kuiwasha, ukague nafasi kwenye Storage.