Kodi ya Vibanda vya Soko Sasa Kulipwa kwa Ankara za Kielektroniki

Kuanzia tarehe 1 Julai, mwanzo wa mwaka mpya wa fedha, maafisa wa mapato hawatapokea tena pesa taslimu za kodi ya vibanda katika masoko ya kaunti. Kila mpangaji atatumiwa ankara kwa ujumbe mfupi wa simu na kulipa kwa M-Pesa au benki.

Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka fedha zinazokusanywa na kaunti ziingie katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria. Pesa taslimu hupitia mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika huko, na kitabu cha risiti kikipotea, mpangaji aliyelipa hubaki bila ushahidi. Kwa utaratibu mpya, pesa zitatoka kwenye simu yako moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya kaunti.

Hatua za kufuata

1. Jisajili kwa msimamizi wa soko lako kabla ya tarehe 1 Julai. Beba kitambulisho cha kitaifa, risiti yako ya mwisho na nambari ya kibanda. Toa nambari ya simu unayoitumia kila siku, kwa kuwa ankara itatumwa huko. Simu ya kabambe inatosha.

2. Ankara ikifika, isome kabla ya kulipa. Hakikisha nambari ya kibanda, mwezi na kiasi ni sahihi. Ukiona kosa, nenda kwa msimamizi kwanza.

3. Kwenye simu, fungua M-PESA, chagua Lipa na M-PESA, kisha Pay Bill. Penye Enter business no. andika nambari ya malipo ya kaunti iliyo kwenye ankara. Penye Enter account no. andika nambari ya ankara. Weka kiasi, kisha nambari yako ya siri.

4. Subiri jumbe mbili. Wa kwanza ni wa M-Pesa, unaothibitisha kuwa pesa zimetoka kwako. Wa pili ni risiti ya kaunti, unaothibitisha kuwa deni la kibanda chako limelipwa. Hifadhi zote mbili.

Nambari ya ankara ndiyo inayolipa deni

Mfumo hautambui malipo kwa jina lako wala kwa simu uliyotumia. Unatambua nambari ya ankara peke yake. Ndiyo maana mwanao aliye mbali anaweza kukulipia kwa simu yake, mradi ana nambari hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiandika jina lako mahali pa nambari ya ankara, pesa zitafika kwenye akaunti ya kaunti lakini zitakaa bila mwenyewe, na kibanda chako kitaendelea kuonyesha deni.

Tuchukue mfano wa muuza nyanya mwenye vibanda viwili, nambari 14 na 15, kila kimoja kikiwa na kodi ya shilingi 1,500 kwa mwezi. Atapokea ankara mbili zenye nambari tofauti. Akituma shilingi 3,000 kwa pamoja kwa ankara ya kibanda cha 14, kibanda hicho kitakuwa kimelipiwa kupita kiasi, huku cha 15 kikidaiwa shilingi 1,500. Afisa wa ukaguzi akifika, ataona deni, hata kama mama huyu ametoa pesa zote. Anapaswa kulipa mara mbili, kila ankara kwa nambari yake. Mwezi unaofuata asirudie nambari za zamani, kwani kila mwezi huwa na ankara mpya.

Ukikosea

Dalili ya kosa ni kupata ujumbe wa M-Pesa bila kupata risiti ya kaunti. Usilipe mara ya pili. Kwanza soma ujumbe wa M-Pesa: unaonyesha jina la aliyepokea na nambari ya akaunti uliyoandika. Ilinganishe na ankara, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa umekosea, peleka ujumbe huo na ankara kwa ofisi ya mapato ya kaunti ndogo kabla ya siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye ankara. Afisa atatumia msimbo ulio mwanzoni mwa ujumbe wa M-Pesa kutafuta malipo yako na kuyahamishia kwenye ankara inayofaa.

Ikiwa jina la aliyepokea si la kaunti, pesa hazijafika kwetu. Wasiliana na M-Pesa mara moja.

Mtu yeyote akikuomba kodi mkononi, au akikupa nambari yake binafsi ya simu umtumie, usimlipe, hata akiwa na sare au beji. Mwambie akuonyeshe ankara, kisha umripoti kwa msimamizi wa soko.