Miezi Mitano Bila Kusema: Namna ya Kueleza kwa Maandishi kwa Nini Ulichelewa Kuripoti

Binti wa miaka 22 anafanya kazi za ndani jijini Dar es Salaam. Mwezi wa tatu anabakwa na mdogo wa kiume wa bosi wake, anayeishi humo humo. Mwezi wa nane ndipo anapokwenda polisi. Binti huyu ni wa mfano, lakini swali atakaloulizwa linaulizwa kila siku katika vituo vyetu: kama ni kweli, ulikuwa wapi muda wote huo?

Wengi hulisikia swali hilo kama hukumu, wakaondoka. Sheria haikuliweka hivyo. Kwa Tanzania, kosa la ubakaji halina siku ya mwisho ya kuripotiwa. Mtuhumiwa anaweza kushtakiwa baada ya miezi mitano, na hata baada ya miaka mitano. Kuchelewa hakufuti kosa wala hakumwondolei mtu haki ya kulalamika.

Hata hivyo kuchelewa kuna uzito wake mahakamani, na ni vizuri kuujua ulipo. Mahakama ya Rufani ilisema katika shauri la Marwa Wangiti Mwita, lililochapishwa mwaka 2002, kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema huaminika zaidi, na kwamba kuchelewa kusikoelezwa kunapaswa kuifanya mahakama makini ijiulize maswali. Neno la kushika hapo ni “kusikoelezwa”. Jaji anataka kujua kilichokuwa kikimzuia mtu kusema. Akikijua, na kikawa kinaingia akilini, ile miezi mitano huwa sehemu ya ushahidi wenyewe.

Ndiyo maana maelezo ya maandishi ni ya lazima, na ndiyo maana hayawezi kuwa sentensi moja. Wengi huandika hivi: “Sikuripoti mapema kwa sababu niliogopa.” Huenda ni kweli tupu, lakini haimsaidii mpelelezi. Uliogopa nini? Nani alikutisha, kwa maneno gani? Na kama uliogopa mwezi wa nne, mwezi wa nane hofu ilikwenda wapi?

Njia nzuri ni kuugawa muda wote vipande, kila kipande kikapewa sababu yake, kwa kuwa kinachomnyamazisha mtu siku ya kwanza mara nyingi sicho kinachomnyamazisha mwezi wa tatu baadaye. Binti wetu angeweza kuandika hivi:

“Tukio lilitokea mwezi wa tatu, ndani ya mfungo wa Ramadhani, usiku ambao mama mwenye nyumba alikuwa msibani Tanga. Tarehe siikumbuki. Kaka aliniambia nikisema atamwambia mama kwamba nimeiba, nami nilimwamini, kwa kuwa msichana aliyenitangulia alifukuzwa kwa tuhuma kama hiyo. Asubuhi nilioga na kufua nguo nilizokuwa nimevaa.

“Kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita niliendelea kuishi naye nyumba moja. Nilimpikia na kumwamkia kama kawaida. Mama alikuwa ananidai uvumilivu wa mshahara wa miezi miwili, na mshahara huo ndio unaomsomesha mdogo wangu Singida. Sikuwa na ndugu mjini wa kunipokea.

“Mwezi wa saba nilipewa likizo nikaenda nyumbani. Nilimweleza shangazi yangu yote. Ndiye mtu wa kwanza kumwambia. Alisema tusiende polisi kwanza, wazee wazungumze na familia ile. Wazee walipiga simu, wakaambiwa mimi ni mwongo. Wiki hiyo hiyo nilikuja kituoni.”

Tazama maelezo hayo yamefanya nini. Hakuna mwezi ulioachwa wazi. Hofu ina msemaji na maneno yake, na utegemezi una mshahara na jina la mkoa. Sababu ya kusema sasa imeelezwa pia, jambo ambalo watu wengi husahau: wazee walishindwa, naye alikuwa ameshatoka ndani ya nyumba ile. Zaidi ya hayo yamezalisha mashahidi. Shangazi anaweza kueleza alichoambiwa na lini, na wazee wanaweza kueleza walipiga simu gani.

Tazama pia alivyokiri mambo yanayoonekana kumharibia. Alioga, akafua, akaendelea kumpikia mtu yule. Ukiyaficha, wakili wa utetezi atayafichua mbele ya hakimu, nawe utaonekana uliyaficha kwa sababu. Ukiyasema mwenyewe, yanaeleweka: mtu anayelala na kula katika nyumba ya anayemwogopa hana namna nyingine ya kuishi humo. Na pale asipokumbuka tarehe, amesema hakumbuki, akaifunga kumbukumbu yake kwenye Ramadhani na msiba. Tarehe ya kubuni ikija kupingwa, hubomoa hata yaliyo ya kweli.

Ukifika kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, askari atayaandika maelezo yako kwa mkono wake. Karatasi uliyoiandika nyumbani inakusaidia usiruke jambo, lakini itakayokufuata mahakamani ni ile utakayoitia saini. Omba usomewe yote kabla ya saini. Kama ameandika “alichelewa kwa hofu” peke yake, mwombe aongeze vile vipande. Sababu inayotajwa kwa mara ya kwanza kizimbani huonekana imetungwa njiani.

Tuseme pia ukweli kuhusu kinachopotea. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi huanza kutolewa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya siku 5. Vielelezo vya mwilini navyo huisha ndani ya siku chache. Kwa hiyo anayeweza kwenda hospitali mapema aende, hata kama bado hajaamua kushtaki. Baada ya miezi mitano, daktari anayejaza fomu ya PF3 huenda asione jeraha lolote. Hilo halimaliziki kesi. Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema, katika shauri la Selemani Makumba, kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa, na Sheria ya Ushahidi inaruhusu hukumu kwa ushahidi wake pekee pale mahakama inaporidhika kwamba anasema kweli. Ndiyo maana namna anavyoeleza ule muda inabeba mzigo mkubwa.

Kuna mlango mmoja unaofungwa kwa saa. Kama binti huyo pia alifukuzwa kazi, mgogoro wa kuachishwa unatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60. Aliyepitwa anaweza kuomba kuongezewa muda, na huko ataeleza amechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, madai yake yana nguvu gani, na upande wa pili utaumia vipi akiruhusiwa. Vile vipande alivyoviandikia polisi vitamfaa hapo pia, ila Tume inaweza kumkatalia. Polisi hawana siku ya namna hiyo kwa ubakaji, na askari anayekurudisha kwa kusema “muda umepita” hana sheria anayoisimamia. Mwombe akupeleke kwa mkuu wa kituo, ukiwa na maelezo yako mkononi.