Taa iko mkononi, nguzo ndiyo inayopinda

Chukua bomba la chuma la mraba, milimita 50 kwa 50, unene milimita 3. Nguzo yake ina mita 3, imezamishwa kwenye zege. Juu limekunjwa kona na kuwa mkono wa mita 1. Ncha inabeba taa ya kilo 20 hivi, yaani nyutoni 200. Ncha itashuka kiasi gani?

Mhandisi huanza na nishati. Mzigo unaposhuka hufanya kazi ya ½Pδ, na kazi hiyo yote huhifadhiwa ndani ya chuma kilichopinda. Kila mita ya bomba huweka M²/2EI: M ni momenti ya kupinda, EI ni ugumu wa bomba, hapa takriban 41,700 Nm².

Mkononi M huanza sifuri kwenye ncha, ikafika 200 Nm konani. Nguzoni haipungui hata kidogo, hadi chini kwenye zege. Ukijumlisha nishati na kuilinganisha na ile kazi, unapata:

δ = PL³/3EI + PL²H/EI

Mkono unachangia milimita 1.6, nguzo 14.4, jumla 16. Kwa hiyo kununua mkono mnene zaidi ni kutupa pesa.

Njia hii hutoa mshuko wa penye mzigo tu. Ncha husogea mbele pia, milimita 21.6, na hilo huhitaji kanuni ya Mwitaliano Carlo Alberto Castigliano ya 1873. Chuma kikishapinda kisirudi, hesabu hizi zote hazifai.