Hakimiliki na akili unde: Mahali picha ziliponakiliwa ni msingi wa dai

Shauri lililotolewa hukumu na Mahakama Kuu jijini London tarehe 4 Novemba, 2025 limeonesha kuwa mwenye hakimiliki anayedai picha zake zilitumika kufunza programu ya akili unde hana budi kuthibitisha ziliponakiliwa.

Kampuni ya picha ya Getty Images iliishtaki Stability AI, kampuni iliyotengeneza Stable Diffusion, programu inayounda picha kwa kufuata maelezo ya maandishi. Getty ilidai kuwa mamilioni ya picha zake yalikusanywa mtandaoni na kutumika kuifunza programu hiyo bila ridhaa. Hata hivyo, iliondoa dai hilo shauri likiendelea, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba ufunzaji ulifanyika Uingereza.

Likabaki swali iwapo programu yenyewe ni nakala haramu iliyoingizwa nchini humo. Jaji Joanna Smith aliamua kuwa sivyo, kwa sababu haihifadhi picha, bali namba zilizopatikana kwa kuzichambua.

Getty ilishinda kwa sehemu ndogo: matoleo ya awali yaliwahi kutoa picha zenye alama yake ya biashara.

Hivyo, mahakama haikuamua iwapo kufunza programu kwa kazi za wengine bila idhini ni halali. Msanii anayekusudia kufungua shauri la aina hiyo atahitaji kwanza ushahidi wa nani alinakili kazi yake, lini na katika nchi gani.