Cheti Kilichogota kwenye Milango Mitatu

Mwombaji wa kwanza kuandika alikuwa na adabu zake zote: "Habari za kazi. Naomba msaada, nimejaribu mara nne kupakia cheti changu na kila mara naletewa maandishi ya Kiingereza kwenye ukurasa mweupe." Alikuwa amepiga picha ya mkupuo huo kwa simu. Juu ya ukurasa kulikuwa na maneno haya:

```
413 Request Entity Too Large
```

Chini yake mstari, na chini ya mstari `nginx/1.24.0 (Ubuntu)`. Basi. Zilikuwa zimebaki siku tisa dirisha la maombi ya chuo lifungwe, nami ndiye niliyekabidhiwa mfumo ule.

Maana ya ujumbe huo ni rahisi: ulichotuma ni kikubwa kuliko ninavyoruhusu. Namba 413 ni ya itifaki ya HTTP. Maneno yanayoiandama yamebadilishwa mara mbili kwenye viwango rasmi, mwaka 2014 na tena 2022, lakini seva ya nginx bado huandika yale ya mwaka 1999. Kigumu si kuujua ujumbe. Kigumu ni kujua nani ameusema, maana faili la mwombaji halifiki kwenye programu moja kwa moja.

Kwetu njia ilikuwa hivi. Simu ya mwombaji inazungumza na seva ya nje, ambayo ni proksi: inapokea maombi ya mtandao na kuyapeleka ndani. Ndani kuna mashine kadhaa zinazosimamiwa na Kubernetes, na mlangoni pake kuna ingresi, yaani programu inayoamua ombi lipi liende kwenye huduma ipi. Ingresi yetu nayo ilikuwa nginx, ila nginx nyingine yenye mipangilio yake. Nyuma yake ndipo ilipo programu ya maombi, iliyoandikwa kwa PHP. Milango mitatu, na kila mlango una mzani wake.

Ombi la kupakia faili hubeba kichwani uzito wake kwa baiti. nginx husoma namba hiyo, na ikizidi kikomo hukataa hapo hapo, kabla ya kulipokea faili lenyewe, kama karani anayesoma kilo zilizoandikwa kwenye kifurushi bila kukifungua. Kikomo hicho huitwa `client_max_body_size`, na usipokiandika popote huwa megabaiti 1. Kiasi hicho kinatosha fomu ya maandishi na kubaki. Lakini cheti kilichopigwa kwa kamera ya simu za leo na kugeuzwa PDF hupita megabaiti 3 bila shida, na cha mwombaji wetu kilikuwa na 6.3.

Kwenye seva ya nje nilifungua logi ya makosa, na mstari wenyewe ulikuwepo:

```
client intended to send too large body: 6606312 bytes
```

Kwa hiyo mlango wa kwanza ndio uliokataa. Nikaongeza mstari mmoja ndani ya sehemu ya `server`, nikahakiki kwa `nginx -t`, nikaipakia upya mipangilio:

```
client_max_body_size 20m;
```

Herufi `m` huandikwa pale peke yake, bila `B`. Ukiandika `20MB`, nginx huikataa mipangilio yote, na ndiyo sababu `nginx -t` haifai kurukwa.

Nikamjibu mwombaji ajaribu tena. Baada ya dakika kumi akarudi na picha ileile: 413, ukurasa mweupe, Kiingereza kilekile. Hapa ndipo wengi hupoteza siku nzima. Hudhani badiliko halijashika, huwasha seva upya, hupandisha 20 kuwa 100, kisha 500, na hakuna kinachobadilika. Nami nilikuwa nimeanza kuelekea huko kabla sijaitazama ile picha ya pili kwa makini. Chini ya mstari sasa palikuwa na neno `nginx` tupu, bila namba ya toleo na bila Ubuntu.

Tofauti hiyo ndogo ilikuwa sahihi ya mkataaji mwingine. Seva ya nje ilikuwa ikiandika jina na toleo lake kwenye kila ukurasa wa makosa, ilhali ingresi yetu ilikuwa ikificha toleo. Ukurasa ulitoka kwenye mlango wa pili, na wa kwanza uliupitisha tu kurudi kwa mwombaji. Logi zilithibitisha: kwenye logi ya maombi ya seva ya nje 413 ilikuwepo, lakini kwenye logi yake ya makosa ule mstari wa `too large body` haukuwepo tena. Ulikuwa umehamia kwenye logi ya ingresi. Yeyote atakayekutana na tatizo hili aanze na swali hilo moja: mstari uko kwenye logi ya nani?

Ingresi haisomi mipangilio ya seva ya nje, na kikomo chake cha awali nacho ni megabaiti 1. Kwa programu iitwayo ingress-nginx, kikomo hubadilishwa kwa kidokezo kinachoandikwa kwenye maelezo ya Ingress ya huduma:

```
metadata:
  annotations:
    nginx.ingress.kubernetes.io/proxy-body-size: "20m"
```

Pana mtego hapa, na nauzungumzia kwa sababu umewasumbua watu ninaowaheshimu kwa kazi zao. Kuna programu mbili tofauti za ingresi zinazotumia nginx. Ile nyingine, inayotoka kwa waundaji wa nginx wenyewe, hutambua `nginx.org/client-max-body-size`. Ukiiandikia moja kidokezo cha mwenzake, Kubernetes hukipokea bila kulalamika, nayo ingresi hukipuuza. Hakuna onyo, wala hakuna kosa. Njia ya uhakika ni kuingia ndani ya podi ya ingresi, kulifungua faili la `nginx.conf` lililotengenezwa, na kutafuta `client_max_body_size`. Ukiikuta 20m chini ya jina la huduma yako, kidokezo kimeshika. Usipoikuta, ulichoandika ni maandishi tu.

Kidokezo changu kilishika. Nikajaribu mwenyewe safari hii kabla ya kumsumbua mtu, kwa kutengeneza faili lisilo na maana lenye uzito ninaoutaka:

```
head -c 3000000 /dev/zero > jaribio.bin
curl -i -F "cheti=@jaribio.bin" https://maombi.example/pakia
```

Anwani hiyo ni ya mfano, lakini amri ndiyo niliyoitumia. 413 haikurudi. Ilirudi 200, yaani namba ya mafanikio, pamoja na ukurasa wa chuo wenye rangi zake ukisema: "Tafadhali ambatisha cheti." Nilikuwa nimekiambatisha. Nikajaribu faili la megabaiti 9, na likaja jambo la ajabu zaidi: fomu ilidai jina halijajazwa, namba ya mtihani haijajazwa, hakuna kilichojazwa kabisa.

Mlango wa tatu una mizani miwili. PHP ina kikomo cha faili moja, `upload_max_filesize`, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 2, na kikomo cha ombi zima, `post_max_size`, ambacho ni 8. Faili likizidi cha kwanza, PHP hulitupa faili lakini huiachia programu maneno yote ya fomu, pamoja na namba ya kosa inayoeleza kilichotokea. Programu yetu haikuwa ikiisoma namba hiyo, ndiyo maana ilidhani mtu hajaambatisha chochote. Ombi likizidi kikomo cha pili, PHP hutupa kila kitu, jina na namba ya mtihani vikiwemo, kisha huiendesha programu kana kwamba mtu ametuma fomu tupu. Onyo huandikwa kwenye logi tu, likiwa na maneno `POST Content-Length of`. Mwombaji haambiwi neno.

Fikiria mtu aliyejaza kurasa tatu kwa simu, akabonyeza kutuma, akaambiwa hakujaza kitu. Afadhali ile 413, ambayo angalau inasema ukweli.

Hapo ndipo nilipoacha kuuona upangaji wa vikomo kuwa kazi ya kuandika namba moja kila mahali. Namba moja kila mahali haifai hata kidogo, kwa sababu ombi huwa zito kuliko faili lililomo: linabeba pia maneno ya fomu na mipaka inayoyatenganisha. Faili la megabaiti 20 kamili hugonga kikomo cha ombi cha 20. Tena kila mlango hukataa kwa namna yake, mmoja kwa lugha ya mwombaji, mwingine kwa Kiingereza kikavu, mwingine kimya. Nikapanga vikomo kwa kufuata nani anajua kusema.

Tulianza na swali la kibinadamu: cheti kiwe kikubwa kiasi gani? Kwa simu inayopandisha megabiti 1 kwa sekunde, megabaiti 15 huchukua zaidi kidogo ya dakika mbili. Tukaona ni mwisho wa uvumilivu wa mtu, na cheti chochote kinachosomeka huingia humo. Kwa hiyo `upload_max_filesize` ikawa 15M, na programu ikafundishwa kusoma ile namba ya kosa na kusema: "Faili lako limezidi MB 15. Punguza ukubwa wa picha kisha upakie tena." nginx zote mbili zilibaki na 20m. Ile `post_max_size`, inayokataa kimya, nikaipandisha hadi 24M, juu ya nginx. Ombi lolote linalovuka milango ya nje halina uwezo wa kuifikia, kwa hiyo fomu tupu haitokei tena.

Aliyebaki ni mwenye faili la megabaiti 40. Huyu hukataliwa na seva ya nje, na mara nyingi haioni hata hiyo 413: kivinjari kinakuwa bado kinatuma wakati nginx imeshajibu na kufunga mawasiliano, hivyo simu huonyesha kwamba muunganisho umekatika. Dawa yake iko kwenye ukurasa wenyewe. Mistari michache ya JavaScript hupima faili mara tu mtu anapolichagua, kabla hajatumia bando lake.

Mwenzangu aliuliza kwa nini tusiweke `0` kwenye nginx, ambayo huondoa kikomo kabisa. Sababu ni kwamba nginx, usipoiagiza vingine, hulipokea ombi zima kwanza na kuliweka kwenye diski ndipo ilipeleke mbele. Kwetu zilikuwa nginx mbili, kila moja na nakala yake ya muda. Usiku wa mwisho wa maombi, watu 200 wakipakia megabaiti 15 kwa pamoja ni gigabaiti 3 kwenye kila mlango. Hizo tunaziweza. Bila kikomo, mtu mmoja mwenye video ndefu anaweza kuijaza diski ya mashine inayohudumia wote.

Mipangilio hii ina mpaka wake pia. Ukiweka huduma kama Cloudflare mbele ya seva yako, unaongeza mlango wa nne usio na ufunguo wake: kwenye mpango wa bure hukataa ombi linalozidi megabaiti 100, na hakuna mstari wa nginx unaobadilisha hilo. Kwa video au mafaili ya gigabaiti, faili hukatwa vipande au hupelekwa moja kwa moja kwenye hifadhi, bila kupita kwenye milango hii.

Yule mwombaji wa kwanza alipakia cheti chake cha megabaiti 6.3 jioni ya siku ya tatu. Nililiona faili likipita kwenye logi zote tatu, namba 200 kila mahali, na safari hii nikalifungua kuhakikisha kuwa ni cheti kweli.