Mpira wa vipande 32 na jezi isiyopindisha nembo

Mwombe msaidizi wa akili mnemba akuchoree mpira wa miguu, na mara nyingi utapata kitu kinachofanana na mpira mpaka uanze kukitazama kwa makini. Vipande viwili vyeusi vimegusana, kingine kina pembe saba, na upande mmoja vyeupe vimejipanga kama vigae vya sakafuni. Programu hizi haziundi mpira kwa kuunganisha vipande. Zimejifunza sura yake kwenye picha nyingi, na picha huonyesha upande mmoja tu, kwa hiyo madoadoa hutokea huku mpangilio wake ukipotea.

Kwanza sema ni mpira gani. Ule wenye madoa meusi ulijulikana sana kupitia Telstar ya Kombe la Dunia la 1970: vipande 32, vyeusi 12 vya pembe tano na vyeupe 20 vya pembe sita. Jabulani ya 2010 ilikuwa na vipande 8, na Brazuca ya 2014 ilikuwa na 6 tu. Ukiandika “mpira wa soka” peke yake, programu ina uhuru wa kuichanganya yote.

Kuandika “vipande 32” nako hakutoshi, kwa sababu programu hizi hazihesabu vizuri, na hata hivyo vipande vyote 32 haviwezi kuonekana kwa pamoja. Kinachosaidia ni kueleza nani anapakana na nani, kama inavyoonekana kutoka mbele. Kipande cheusi kikiwa katikati kabisa, kinazungukwa na vyeupe vitano, kisha vyeusi vingine vitano vinatokea karibu na ukingo, vimebanwa kwa sababu mpira unajikunja kwenda nyuma. Kwa hiyo maelekezo yawe hivi:

```
Mpira wa soka wa mtindo wa 1970. Kipande kimoja cheusi
cha pembe tano katikati, kinatazama kamera. Kimezungukwa
na vyeupe vitano vya pembe sita. Vyeusi vitano vingine
karibu na ukingo, vimebanwa. Kila cheusi kimepakana
na vyeupe pande zote.
```

Angalia mstari wa mwisho: sikuandika “vyeusi visigusane”. Programu nyingi hushindwa na makatazo, na jambo ulilolitaja ili likwepwe huishia kuchorwa. Sema unachotaka kiwepo.

Picha ikitoka, kagua kona. Kila mahali mishono inapokutana pawe na vipande vitatu, kimoja cheusi na viwili vyeupe. Ukiona kona ya vyeupe vitatu, mpangilio umeharibika, maana vipande vya pembe sita peke yake hulala bapa na haviwezi kufunga tufe. Kosa likiwa dogo, chagua sehemu hiyo tu irekebishwe. Kuianza picha upya ni kukaribisha makosa mapya.

Sasa jezi. Tuseme timu ya mtaa inataka bango: jezi nyekundu, bukta nyeupe, nembo ya klabu kifuani. Kwa desturi nembo hukaa upande wa moyo, yaani kushoto kwa mvaaji, ambao ni kulia kwa anayetazama. Hapo ndipo “kushoto” inapoleta fujo, kwani programu haijui unasema kushoto kwa nani. Andika “kwenye kifua, upande wa kulia wa picha, chini kidogo ya mtulinga, mchezaji akitazama kamera”. Akigeuka, maelezo yageuke naye.

Nembo yenyewe usiombe ichorwe. Herufi ndogo kwenye kitambaa chenye mikunjo hutoka zimepinda, na ukiomba tena hutapata nembo ileile. Omba ngao nyeupe tupu mahali pake, kisha bandika nembo halisi kwenye programu ya kuhariri picha. Taja pia mabega na mikono ya rangi moja tu. Usipotaja, mistari mitatu ya Adidas inaweza kujitokeza bila kualikwa.

Uwanja ni rahisi zaidi, ila mpira huwa unaelea. Omba nyasi fupi, majani machache yakifunika sehemu ya chini ya mpira, na kivuli cheusi kinachoanzia pale mpira unapogusa ardhi. Michirizi ya kijani kilichokolea na kilichofifia hutokana na mashine kulaza nyasi pande tofauti, kwa hiyo sema “michirizi ya kukata nyasi, iliyonyooka, inayokwenda kuelekea goli”. Ukubwa nao: mpira una kipenyo cha takriban sentimita 22, hivyo ukiwa kando ya njumu ya mtu mzima hauwezi kufika gotini.

Bango likikamilika linafaa kwa simu na mitandao. Fundi wa kuchapa jezi usimpelekee picha hiyo. Mpelekee faili asilia la nembo, kwa sababu picha ya aina hii ni vidoti vya rangi na ikikuzwa kingo zake huvunjika.